Wangapi Wamesema, na Wamesema Nini Hasa

Dodoso la wafanyakazi kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuweka alama ya vema: naridhika, siridhiki, sina hakika. Hiyo haisumbui mtu, kwa kuwa kompyuta huijumlisha kwa dakika chache. Ya pili ni swali moja la mwisho lenye mistari mitupu chini yake: "Ungependa nini kirekebishwe hapa kazini?" Watu husema yao hapo, na afisa rasilimali watu hukwama hapohapo. Kamati haiwezi kusoma maoni 150 katika kikao cha saa mbili, na hata ikiyasoma, kila mjumbe atatoka amebeba lile moja lililomgusa yeye.

Maofisa wengi hujinasua kwa kuyaambatisha maoni yote mwishoni mwa ripoti, ambako hayafunguliwi na mtu. Wengine huyasoma upesi na kuandika sentensi kama hii: "Wafanyakazi wengi wamelalamikia maslahi na mawasiliano." Kwangu hii ya pili ina madhara zaidi, kwa sababu ina sura ya matokeo ya utafiti ilhali haina kitu ndani yake. Wengi ni wangapi? Maslahi yapi, mshahara, posho, bima au nyumba? Mjumbe akiuliza hapati jibu, na kwa kuwa "maslahi" hayako ndani ya uwezo wa kamati, jambo linahitimishwa kwa kuandika kwamba limepokelewa.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi bila programu ya gharama. Kinachotakiwa ni jedwali la Excel, wasomaji wawili, siku chache za utulivu na nidhamu katika mambo machache nitakayoyaeleza. Mwisho wa kazi ni ukurasa mmoja ulioorodhesha mada kuanzia iliyotajwa na watu wengi zaidi, na kila mada ina hesabu yake pamoja na maneno ya mfanyakazi mwenyewe.

Nitatumia mfano wa hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Hospitali yenyewe, hesabu zake na maoni yake nimevitunga ili tuweze kufuata kila hatua, lakini mambo yanayosemwa humo ni ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya zamu. Tuseme ina wafanyakazi 420. Dodoso lisilo na majina limejibiwa na 260. Kati yao 171 wameandika kitu kwenye swali la mwisho.

Hatua ya kwanza ni kuondoa yasiyo na hoja. Wako walioandika "hakuna", "asanteni", "sawa tu", au kistari kimoja. Hao ni 24, na wanabaki 147. Hesabu zote tatu, yaani 260, 171 na 147, ziandikwe tangu mwanzo, kwa kuwa mbele ya safari zitaamua maana ya kila asilimia. Kisha kila oni lipewe namba yake na mstari wake katika jedwali: safu ya kwanza namba, ya pili kitengo, ya tatu maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, makosa ya herufi yakiwemo. Safu hiyo ya tatu isiguswe tena. Mtu akianza "kusafisha" Kiswahili cha watu, baada ya siku mbili hakuna anayejua yupi kati yao alisema "tunanyanyaswa" na yupi alisema "hatusikilizwi", na tofauti ya hayo mawili ni kubwa.

Baada ya hapo kinachohitajika ni kusoma. Chukua maoni 40 bila kuchagua, kutoka vitengo vyote, uyasome mara mbili bila kuweka alama yoyote, kisha uandike pembeni mambo unayoyaona yakijirudia. Kishawishi kikubwa hapa ni kuanza na orodha iliyopo tayari: maslahi, mawasiliano, uongozi, mazingira ya kazi. Orodha hiyo inaingia kila mahali, na kwa sababu hiyohiyo haisemi lolote kuhusu hospitali hii. Mwaka 2006 Virginia Braun na Victoria Clarke, wanasaikolojia wawili, walichapisha makala ambayo hadi leo ni ya kwanza kutajwa inapozungumzwa kazi ya kutafuta mada katika maneno ya watu. Wanasisitiza kwamba mada hazichomozi zenyewe kutoka kwenye maandishi. Msomaji ndiye anayezikata, na lazima aweze kueleza kwa nini amekata pale alipokata.

Katika hospitali yetu wasomaji walianza na fungu moja kubwa waliloliita maslahi. Kila aliyetaja fedha aliingizwa humo, na walipojumlisha wakapata watu 52, wengi kuliko fungu lolote jingine. Ripoti ingeishia hapo, kamati ingesikia kwamba wafanyakazi wanataka mishahara mikubwa, na mfawidhi angejibu kwa haki kabisa kwamba mishahara hupangwa na serikali. Lakini someni maoni yenyewe. Mmoja ameandika: "Posho ya zamu ya usiku ya mwezi wa pili tumelipwa wa sita na imepungua, ukiuliza uhasibu wanakwambia subiri." Mwingine: "Tulipwe kwa wakati na tuoneshwe hesabu ilivyofanyika." Mwingine: "Mshahara hautoshi maisha yamepanda."

Wawili wa kwanza wanazungumzia kitu kimoja na wa tatu kitu kingine. Mshahara uko nje ya uwezo wa hospitali. Posho ya zamu inalipwa na ofisi iliyo hatua chache kutoka chumba cha mikutano, kwa karatasi za mahudhurio zinazojazwa na wakuu wa vitengo, na wanachotaka watu ni iwahi na iwe na maelezo. Fungu likapasuliwa. Waliolalamikia posho kuchelewa au kupunguzwa bila maelezo wakawa 41, na waliotaja mshahara kuwa mdogo wakawa 14. Watatu walitaja yote mawili, ndiyo maana jumla ya watu ilikuwa 52 badala ya 55.

Hilo ndilo jambo la msingi katika kazi hii nzima, na mengine yote yanalitumikia: mada ikatwe pale uamuzi unapobadilika. Ukikuta maoni mawili yanaweza kutibiwa na mtu mmoja kwa hatua moja, yaweke pamoja hata kama maneno yake yanatofautiana. Yakihitaji watu tofauti au hatua tofauti, yatenganishe hata kama yote yanataja fedha. Kwa kipimo hicho "mawasiliano" nayo ilivunjika. Wapo waliokuwa wakisema ratiba ya zamu hubadilishwa usiku na wanajulishwa asubuhi, na wapo waliokuwa wakisema wanakaripiwa mbele ya wagonjwa. La kwanza hutibiwa kwa utaratibu wa kubandika na kufunga ratiba. La pili hutibiwa kwa kumwita mkuu wa kitengo.

Kwa sababu hiyo jina la mada lisiwe neno moja. Liwe sentensi ambayo mfanyakazi mwenyewe angeitambua kuwa ndiyo aliyoisema: "Posho ya zamu inachelewa au inapunguzwa bila maelezo." "Ratiba ya zamu inabadilishwa bila taarifa ya mapema." "Tunakaripiwa mbele ya wagonjwa na wenzetu." Mjumbe wa kamati akisoma majina ya mada peke yake, kabla ya hesabu yoyote, awe ameshaelewa nusu ya ripoti.

Majina hayo yanaandikwa kwenye daftari la mada. Ni ukurasa mmoja au miwili tu, lakini ndiyo inayotenganisha kazi ya kuaminika na maoni ya mtu mmoja. Kila mada inaandikiwa kinachoingia, kisichoingia, na mfano mmoja wa mpakani. Chini ya mada ya posho, kwa mfano, iandikwe: inaingia posho ya zamu, ya kazi za ziada na ya kuitwa kwa dharura, haiingii mshahara, wala posho ya safari za mafunzo, ambayo inakwenda kwenye mada ya mafunzo. Mpakani: mtu akiandika "tunafanya zamu mbili mfululizo bila malipo", aingizwe kwenye posho na kwenye ratiba pia, kwa sababu amelalamikia yote mawili.

Mfano huo unaleta swali la hesabu. Oni moja linaweza kubeba mada mbili au tatu, na si haki kumlazimisha aliyesema mawili ahesabiwe kwa moja. Kwa hiyo jedwali linapewa safu moja kwa kila mada, na msomaji anaweka 1 pale oni linapoigusa mada hiyo na 0 pale lisipoigusa. Mtu aliyetaja posho mara nne katika aya ndefu anapata 1 tu, sawa na aliyeandika mstari mmoja. Tunahesabu watu. Tukihesabu mara neno lilipotajwa, mwandishi mrefu mmoja atawashinda wafupi watano.

Hapa kuna njia ya mkato inayowavutia wengi: kutafuta maneno kwa kompyuta badala ya kusoma. Kwa Kiswahili njia hiyo huvunjika mapema. Ukitafuta "malipo" utawakosa walioandika "hatulipwi", "nimelipwa", "walipe". Ukitafuta mzizi "lip" utawapata hao wote, lakini utakusanya pia "tulipoomba", "alipokuja" na "nilipofika", ambavyo havina uhusiano na fedha. Zaidi ya hapo wako wanaoandika kwa ufupisho wa simu, wako wanaosema "alawansi" badala ya posho na "shifti" badala ya zamu, na wako wanaosema yote bila kutaja neno lenyewe: "Mwezi wa nne sasa, bado tunaambiwa kesho." Utafutaji ni mzuri kwa kazi moja. Mwishoni, ukishamaliza kusoma, tafuta mizizi hiyo katika maoni uliyoyapa 0 kwenye mada husika, uone kama kuna uliyempita.

Kusoma kwa mtu mmoja kuna hatari yake. Afisa ambaye mwenyewe amecheleweshewa posho ataiona posho kila mahali. Kwa hiyo wasomaji wawe wawili, na ikiwezekana mmoja atoke nje ya ofisi ya utumishi. Wote wawili wapewe maoni yaleyale 40 na daftari lilelile, kila mmoja aweke alama zake peke yake, kisha walinganishe mada moja baada ya nyingine.

Tuangalie walivyofanya kwenye posho. Maoni 10 wote wawili walisema ndiyo, na 24 wote wawili walisema hapana. Manne msomaji wa kwanza alisema ndiyo na wa pili hapana, na mawili ilikuwa kinyume chake. Wamekubaliana kwenye 34 kati ya 40, yaani asilimia 85. Inaonekana vizuri, lakini sehemu ya makubaliano hayo ingetokea hata kama wangeweka alama kwa kubahatisha, kwa kuwa maoni mengi hayahusu posho na kusema hapana ni rahisi. Mwaka 1960 Jacob Cohen alitoa kipimo kinachoondoa bahati hiyo, na watafiti hukiita kapa. Msomaji wa kwanza alisema ndiyo mara 14 na wa pili mara 12, hivyo makubaliano ya kubahatisha yangekuwa asilimia 56. Chukua 0.85, toa 0.56, gawanya kwa kilichobaki kutoka 0.56 hadi 1, unapata 0.66. Kwa viwango vilivyopendekezwa na Landis na Koch mwaka 1977, ambavyo wengi bado huvitumia ingawa waliviweka kwa makadirio yao wenyewe, chochote kati ya 0.61 na 0.80 ni makubaliano mazuri.

Wako wanaokipinga kipimo hiki, Braun na Clarke wakiwamo. Kwao msomaji si mashine, na watu wawili kukubaliana si uthibitisho kwamba wamesoma kwa kina. Kwa utafiti wa kina wa kitaaluma naona wana hoja. Lakini kamati inayotaka kutoa uamuzi kwa hesabu inastahili kujua kwamba mtu mwingine akiwa na daftari lilelile angepata hesabu inayokaribiana. Hata hivyo faida kubwa ya zoezi hili iko kwenye yale maoni sita waliyotofautiana. Walipoyarudia waligundua kwamba manne kati yake yalihusu posho ya safari za mafunzo, na daftari la kwanza halikusema liende wapi. Ule mstari wa "haiingii" niliouonesha juu ulizaliwa hapo. Daftari likarekebishwa, maoni 40 yakasomwa upya, ndipo yakafuatia mengine 107.

Jedwali likishajaa, hesabu yenyewe ni ya dakika tano. Maoni 147 yako mstari wa 2 hadi wa 148. Kitengo kiko safu B, posho safu D, kukaripiwa safu F, mshahara safu I. Kanuni tatu zinatosha:

```
=SUM(D2:D148)
=SUMPRODUCT(D2:D148,I2:I148)
=SUMIFS(F2:F148,B2:B148,"Wazazi")
```

Ya kwanza inatoa idadi ya waliotaja posho. Ya pili inatoa waliotaja posho na mshahara kwa pamoja, wale watatu wetu. Ya tatu inatoa waliolalamikia kukaripiwa katika wodi ya wazazi peke yake, na nitairudia.

Mpangilio ukatoka hivi: posho ya zamu 41, ratiba kubadilishwa 36, kukaripiwa 33, glovu na vifaa kuisha katikati ya zamu 29, nafasi za mafunzo kugawiwa bila utaratibu wa wazi 22, mshahara 14, usafiri wa usiku 11, na mengineyo 12. Jumla ni mitajo 198 kutoka kwa watu 147. Ukiandika asilimia zitazidi 100, na lazima uliseme hilo chini ya jedwali, la sivyo mjumbe mwangalifu atadhani umekosea kujumlisha.

Asilimia zenyewe ndipo ripoti nyingi hupotosha bila kukusudia. Watu 41 ni asilimia 28 ya walioandika hoja. Ni asilimia 16 ya waliojibu dodoso. Ni asilimia 10 ya wafanyakazi wote. Hesabu zote tatu ni za kweli, na mtu anayetaka jambo lionekane kubwa atachagua ya kwanza, anayetaka lionekane dogo atachagua ya mwisho. Mimi huona ni salama zaidi kuandika idadi yenyewe kwa herufi kubwa, yaani 41 kati ya 147, na asilimia iwekwe kando yake. Pia lisiandikwe kamwe kwamba "asilimia 28 ya wafanyakazi wanalalamikia posho". Hatujui waliokaa kimya wanaona nini. Swali liliuliza kirekebishwe nini, na aliyeacha mistari mitupu hakusema kwamba posho inafika kwa wakati.

Tahadhari ya pili inahusu nafasi. Tofauti ya 41 na 36 ni watu watano. Tumeona kwamba wasomaji wawili hata wakisoma vizuri hutofautiana kwenye maoni kadhaa, hivyo msomaji mwingine angeweza kuipandisha ratiba juu ya posho. Kuiambia kamati kwamba posho ni ya kwanza na ratiba ni ya pili, kana kwamba ni matokeo ya ligi, ni kudai uhakika ambao hatuna. Ni bora kuzipanga kwa matabaka. Nne za juu zinakaribiana na zinatajwa na watu kati ya 29 na 41. Mafunzo yanasimama peke yake katikati. Mshahara na usafiri ziko chini. Mpangilio huo wa matabaka hautabadilika hata maoni matatu yakihamishwa.

Sasa ile kanuni ya tatu. Waliolalamikia kukaripiwa ni 33, na katika hospitali nzima mada hiyo iko nafasi ya tatu. Lakini 21 kati yao wanatoka wodi ya wazazi, ambako walioandika hoja ni 34 tu. Kwa wodi hiyo ni sita katika kila kumi, na hakuna jambo jingine linaloikaribia. Kwingineko kote ni 12 kati ya 113. Ukiipeleka kamati hesabu ya jumla pekee itaagiza semina ya huduma kwa mteja kwa wafanyakazi wote 420, na wodi yenye tatizo itabaki vilevile. Kwa hiyo kila mada ya juu ivunjwe kwa vitengo kabla ya kuandikwa, na panapoonekana fungu namna hii, lisemwe.

Lisemwe kwa uangalifu lakini. Wauguzi na wahudumu waliandika wakiamini hawatajulikana. Utaratibu uliozoeleka ni kutotoa hesabu ya kundi lenye waliojibu chini ya watano, na taasisi nyingine huweka kiwango cha kumi. Wodi yenye waandishi 34 inavuka viwango vyote viwili. Chumba cha mionzi chenye watu watatu hakivuki, hivyo maoni yao yaunganishwe na ya maabara na yaitwe vitengo vya uchunguzi.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye maneno ya kunukuu. Mtu ameandika: "Mimi ndiye mfamasia pekee usiku na tangu nirudi uzazi sijapangiwa zamu ya mchana." Hakuna jina humo, na hospitali nzima inamjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na nukuu kama hiyo inamtambulisha waziwazi kuliko namba ya simu. Ihesabiwe, lakini isinukuliwe.

Uteuzi wa nukuu unahitaji utaratibu wake, kwa sababu hapa ndipo msomaji aliyechoka huchukua oni kali kuliko yote. Kwenye posho kuna mtu aliyeandika kwamba uhasibu ni genge la wezi. Linakumbukwa, na mjumbe atalirudia nje ya kikao, lakini ni mmoja tu kati ya 41 aliyezungumza hivyo. Nukuu inayowakilisha hutoka katikati ya fungu. Panga maoni yote 41 kwenye ukurasa mmoja, uyasome mfululizo, kisha uliza wengi wanasema nini hasa. Hapa 26 wanazungumzia kuchelewa na 15 wanazungumzia kupunguzwa bila maelezo. Kwa hiyo nukuu mbili: moja ya kuchelewa, moja ya kupunguzwa, kila moja ikibeba mada hiyo peke yake bila kuchanganya na ratiba au vifaa. Tena ziwe za kada tofauti, isije ikaonekana ni kilio cha wauguzi peke yao wakati wahudumu na wateknolojia wa maabara nao wamesema.

Nukuu ibaki kama ilivyoandikwa. Jina la mtu likitolewa, weka mabano ya mraba yenye nukta tatu. Usiunganishe sentensi nzuri ya huyu na ya yule zikawa oni moja, hata kama zote ni za kweli, kwa kuwa kamati itakuwa inamsikiliza mtu asiyekuwepo. Na pale ambapo wapo waliosema kinyume, mmoja wao asikike. Kwenye ratiba, watano kati ya 36 hawakulalamikia mabadiliko yenyewe. Walitaka ruhusa ya kubadilishana zamu wao kwa wao bila kumpigia matroni usiku. Idadi yao ni ndogo, lakini kamati ikiamua kufunga ratiba kabisa itawaumiza hao, kwa hiyo ni lazima ijue wapo.

Kuna maoni ambayo hayapaswi kuingia kwenye mpangilio hata kidogo. Tuseme wawili kati ya 147 wameandika kwamba mkuu wao huwaomba ngono ili wapangiwe zamu nzuri. Kwa hesabu ni asilimia 1, chini ya usafiri, chini ya kila kitu. Nchini Tanzania rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na halisubiri kutajwa na watu 30 ndipo liwe zito. Wasomaji wakubaliane kabla ya kuanza: oni linalotaja kosa la jinai, ukatili, au hatari kwa maisha ya mgonjwa linawekewa alama yake, linatolewa kwenye jedwali la mada, na linafikishwa siku hiyohiyo kwa mtu mmoja aliyeteuliwa, ambaye si mkuu wa kitengo kilichotajwa. Kamati iambiwe tu kwamba maoni mawili ya namna hiyo yamepelekwa kunakohusika, na yapate hesabu yao nje ya 198.

Ukurasa unaofika mezani, basi, una mistari minane. Kila mstari una sentensi ya mada, idadi ya watu, kitengo palipo na fungu, na nukuu moja au mbili. Juu yake kuna mistari mitatu ya maelezo: wafanyakazi 420, waliojibu 260, walioandika hoja 147, na kwamba mtu mmoja angeweza kutaja zaidi ya jambo moja. Mapendekezo hayakai hapo. Wasomaji wakiyaweka karibu na hesabu, wajumbe huanza kubishana juu ya mapendekezo kabla ya kuelewa kilichosemwa. Yawe na karatasi yake, ifunguliwe baada ya hii kusomwa.

Daftari la mada lihifadhiwe pamoja na jedwali, kwa kuwa mwakani litahitajika kuliko ripoti yenyewe. Tuseme dodoso lijalo likitoa watu 25 wanaotaja posho. Je, hali imepungua? Swali hilo linajibika tu kama mipaka ya mada ni ileile, swali liliulizwa kwa maneno yaleyale, na 25 hao wanapimwa dhidi ya idadi ya walioandika mwaka huo. Na wasomaji wapya wakiona mada fulani inastahili kupasuliwa, kwa mfano kuchelewa kando na kupunguzwa kando, wanaweza kufanya hivyo, lakini wayarudie na maoni ya mwaka uliopita kwa mipaka hiyo mipya. Kwa maoni 41 ni kazi ya asubuhi moja, na bila kuifanya, hesabu za miaka hiyo miwili zisiwekwe kwenye jedwali moja.